Nanunua makopo kwa 400, nauza kwa 650, mbona pesa siioni?

Habari za kazi. Nina kibanda Mbagala, mita 3 kwa 4, kodi 50,000 kwa mwezi. Waokota makopo wananiletea chupa za maji na soda, nawapimia kwa mizani ya saa ya kuning'iniza na kuwalipa 400 kwa kilo. Mwenye mashine ya kusaga ananipa 650. Kichwani nilijua kila kilo inaniachia 250. Mwezi uliopita daftari langu linasema nimenunua kilo 620. Kwenye mizani yake zikasoma 548, halafu akakata asilimia 8 "ya uchafu", nikalipwa kilo 504. Kirikuu nimekodi safari 4, kila moja 30,000. Nilianza na 500,000, sasa nina kama 400,000. Je, naibiwa kwenye mizani? Niwaongezee bei waokotaji nipate mzigo zaidi? Jirani ananiambia makopo yanajaza banda bure, nihamie chuma chakavu. Naomba ushauri wenye hesabu.

Mnunua Makopo, Mbagala

*

Kaka, tuanze na daftari. Kilo 504 kwa 650 ni shilingi 327,600. Waokotaji uliwalipa 248,000, kwa hiyo tofauti ni 79,600, na si ile 155,000 uliyoitarajia kwa kuzidisha 620 mara 250. Toa kirikuu 120,000, toa kodi 50,000, umeingia hasara ya 90,400. Ndiyo laki yako karibu yote.

Kabla ya kumshuku mwenye mashine, pima mizani yako mwenyewe. Chukua dumu tupu, lipime, kisha lijaze maji lita 20 uliyoyapima kwa chupa ya lita moja isiyobonyea, ulipime tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Ikisoma 20 na nusu, basi katika kila kilo 20 umekuwa ukilipa nusu kilo ambayo haipo. Mizani ya saa ina springi, na springi iliyowahi kubebeshwa mzigo mzito kupita uwezo wake hairudi sifuri sawasawa, kwa hiyo angalia pia mshale umekaa wapi ndoano ikiwa tupu. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka, ya kwako na ya mnunuzi pia. Ukifika kwake, una haki ya kutafuta huo muhuri kwa macho. Na siku ya kupeleka mzigo, nenda na kitu kimoja ambacho uzito wake unaujua, kwa mfano lile lile dumu la maji, ukiweke juu ya mizani yake kama mzaha. Atakuelewa.

Hata hivyo, kwa hizo kilo 72 zilizopotea njiani, tunaona sababu tatu ambazo hazihitaji mwizi.

Ya kwanza ni kiroba. Mwokotaji analeta mzigo ndani ya mfuko mkubwa, mara nyingi viroba viwili vilivyoshonwa pamoja, na wewe unauning'iniza wote kama ulivyo. Mfuko wa namna hiyo ukiwa mkavu una gramu 150 hadi 250, na ukilowa unazidi hapo. Mzigo wa mtu mmoja ni kama kilo 7, maana yake umepima karibu mara 90. Gramu 200 mara 90 ni kilo 18. Umenunua mifuko kilo 18 kwa bei ya chupa, halafu wenyewe wakaondoka nayo.

Ya pili ni kukadiria. Mshale ukikaa kati ya 6.8 na 7, unasema 7 ili msigombane. Ni uungwana, lakini gramu 150 mara 90 ni kilo nyingine 13 na zaidi.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni maji. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20 tu, kutegemea kampuni. Kilo 620 zako zilikuwa kama chupa 33,000. Ukiondoa mifuko na kukadiria, zinabaki kama kilo 41 ambazo hazina maelezo. Gawanya kwa chupa 33,000, unapata zaidi kidogo ya mililita moja kwa chupa. Yaani kijiko kimoja cha chai cha maji katika kila chupa 4. Si lazima mtu akudanganye. Chupa iliyookotwa asubuhi na kifuniko chake ina mabaki ya soda, ina umande, ina mchanga wa mtaroni, na vyote hivyo vinakauka bandani kwako wakati unasubiri mzigo utimie. Umelipia maji, kisha umeyaacha yaruke hewani. Na wapo kweli wanaodanganya. Mtu akitia mililita 10 kwenye chupa ya gramu 20, ameongeza uzito nusu nzima bila wewe kuona kitu kwa nje. Wakati wa masika hali hii inazidi mara dufu, na mnunuzi asiyebadili utaratibu Machi hadi Mei anafunga banda Juni.

Dawa yake ni bei mbili. Tangaza kwamba chupa iliyokuja kama ilivyookotwa, na kifuniko chake na uchafu wake, ni 330. Chupa kavu, iliyofunguliwa, iliyokandamizwa bapa, vifuniko vikiwa kwenye mfuko wa pembeni, ni 400 ile ile. Hapo unapima mfuko mtupu baada ya kuumwaga na kutoa uzito wake mbele ya mwenyewe. Wiki ya kwanza watanung'unika. Ila mwokotaji mwenye akili atagundua jambo moja haraka: chupa ikiwa bapa, mfuko wake mmoja unabeba karibu mara mbili, na safari ya kutoka Rangi Tatu hadi kwako inakuwa moja badala ya mbili. Anayefaidika kwanza ni yeye.

Hapo ndipo tunafika kwenye hewa, ambayo imekula pesa nyingi kuliko mizani.

Chupa nzima zilizomwagwa hovyo, mita moja ya ujazo ina kilo 18 hadi 24 tu. Zilizobaki zote ni hewa. Zikibonyezwa, mita hiyo hiyo inachukua kama kilo 45. Kirikuu iliyofungwa mbao za pembeni na kupandishwa mzigo juu ina nafasi ya karibu mita 5.7 za ujazo. Ndiyo maana safari yako moja ilibeba wastani wa kilo 137, gari likiwa limejaa mpaka linayumba, ingawa lina nguvu ya kubeba kilo 350 bila kulalamika. Kila kilo imekugharimu karibu 220 kufika kwa mnunuzi. Faida yako ya 250 imeishia kwenye petroli ya kusafirisha upepo kutoka Mbagala. Zikiwa bapa, gari hilo hilo linachukua zaidi ya kilo 250, na safari 4 zinakuwa 2.

Jinsi ya kubonyeza ina umuhimu wake. Fungua kifuniko kwanza, kila mara. Chupa iliyofungwa ikikanyagwa, hewa haina pa kutokea, na kifuniko kinaruka kama risasi, mara nyingi kuelekea usoni kwa aliye karibu, au chupa inateleza chini ya kiatu na kukuangusha. Ilaze ubavu kwenye sakafu ngumu, mguu uwe na buti, anza kukanyaga kwenye kitako ambako plastiki ni nene, malizia shingoni. Ukikanyaga kuanzia shingoni, kitako kinabaki kimetuna na chupa inajirudi. Usiajiri mtu wa kukanyaga zote bandani, kwa sababu hata akikanyaga 15 kwa dakika, chupa 33,000 ni zaidi ya saa 36 za kukanyaga tu. Kazi hiyo iache kwa waokotaji mmoja mmoja, na ile tofauti ya 70 kwa kilo ndiyo malipo yake. Zile chache zitakazokuja nzima, zikanyagie ndani ya kiroba kilichotundikwa kwenye fremu ya mbao, safu kwa safu.

Isipokuwa chupa za lita moja na nusu zilizo safi, zisizobonyea, na kifuniko chake. Hizo weka kando. Watengenezaji wa sabuni ya maji mitaani huzinunua kwa chupa, si kwa kilo. Chupa ya ukubwa huo ina gramu 33 hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa 30. Ukiuza hata kwa 50 moja, kilo hiyo imekuletea 1,500 badala ya 650. Soko lenyewe ni dogo, wateja watatu au wanne wanatosha kulijaza, lakini linaweza kukulipia sehemu nzuri ya kodi. Wauzie wa sabuni. Anayetaka za juisi au maziwa, mwambie hapana, kwa sababu hujui ndani yake kulikuwa na nini, na tunaojua magari ya masafa tunajua madereva huzijaza nini.

Sasa ile asilimia 8. Muulize mwenye mashine, kwa upole, anakata kwa ajili ya nini hasa. Kwa kawaida jibu ni vifuniko, lebo na plastiki zisizo zake. Kifuniko kina gramu mbili hivi, kwa hiyo kwenye chupa ndogo ni karibu sehemu ya kumi ya uzito wote. Kifuniko si plastiki ya aina moja na chupa. Chupa inazama majini, kifuniko kinaelea, na wasagaji wanavitenganisha kwenye matangi ya kuoshea. Wapo wanaovipokea pamoja na kukata asilimia, wapo wanaotaka vitoke. Ukivitoa wewe, viuze kwa wanaonunua plastiki ngumu, pamoja na ndoo mbovu, viti vilivyovunjika na madumu. Havipotei.

Adui halisi wa msagaji ni PVC, ile plastiki ya mabomba. Nayo inazama majini kama chupa, kwa hiyo tangi haliitoi. Plastiki ya chupa za soda huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 na zaidi, na katika joto hilo PVC inaungua, inatoa tindikali na kuacha madoa meusi na ya njano kwenye mzigo mzima. Ndiyo maana akikuta vipande vichache tu kwenye mfuko wako anaukataa mfuko wote. Kuitambua hakuhitaji moto. Wengine watakufundisha kuchoma kipande uone rangi ya mwali. Usifanye, moshi wake ni sumu. Geuza chupa uone kitako. Chupa yako sahihi ina kidoti kidogo katikati ya kitako na alama ya pembetatu yenye namba 1. Chupa ambayo kitakoni ina mstari ulionyooka kama mshono, haina kidoti, si yako: inaweza kuwa PVC au plastiki ngumu. Ikunje ubavu: ikiacha alama nyeupe pale ilipokunjika, iweke kando. Zilizovalishwa lebo ya plastiki inayobana mwili mzima kuanzia shingo hadi chini, vua hiyo lebo, nayo mara nyingi ni ya jamii hiyo hiyo.

Tenga rangi pia. Nyeupe peke yake, bluu peke yake, kijani peke yake, za mafuta ya kula mbali na zote kwa sababu mafuta yanapaka majirani zake. Nyeupe ndiyo inayotafutwa, kwani unaweza kuitia rangi yoyote baadaye. Ukipeleka mchanganyiko, unalipwa bei ya rangi ya chini kabisa iliyomo. Chupa za dawa za mimea na wadudu usizipokee kabisa, hata zikiwa zimeoshwa.

Turudie hesabu ya mwezi ule ule baada ya marekebisho haya, tukiacha bei kama zilivyo. Daftari linasoma 560 badala ya 620 kwa mzigo ule ule. Kwa mnunuzi zinasoma 550, anakata asilimia 3, unalipwa kilo 533, yaani 346,450. Ulinunua kwa 224,000, kwa hiyo tofauti ni 122,450. Kirikuu safari 2 ni 60,000. Kodi 50,000. Unabaki na 12,450.

Tumekuandikia hivyo makusudi, bila kuipamba. Kila kitu kikienda sawa, kilo moja inakuachia kama 110 kabla ya kodi, si 250. Kilo 455 za kwanza za kila mwezi ni za mwenye nyumba. Ukitaka kubaki na 200,000 mkononi, unahitaji kilo 2,270 hivi kwa mwezi, na banda lako, ukiacha njia ya kupita na sehemu ya mizani, lina kama mita 15 za ujazo za kuhifadhia, yaani kilo 570 hadi 670 zilizobonyezwa. Kwa maneno mengine, lijae na kumwagwa mara 4 kwa mwezi. Banda linalokaa limejaa wiki tatu likisubiri bei ipande linakula kodi bure.

Ndiyo maana jibu la swali lako kuhusu kuongeza bei ni hapana. Shilingi 50 tu za nyongeza zinachukua karibu nusu ya hiyo 110, na mwenye banda la jirani atakufuata kesho yake. Kinachomleta mwokotaji kwako ni kulipwa papo hapo, mizani anayoiamini na mlango ulio wazi jioni anaporudi. Ukiishiwa pesa siku mbili mfululizo, anahama, na harudi upesi. Punguza badala yake usafiri. Wewe na wenye mabanda wawili mkikodi Kanta moja, yenye kubeba kilo 800 za chupa bapa, na mkaipata kwa 70,000, kila kilo inasafiri kwa 88 badala ya 109. Kwa kilo 2,270 hiyo ni zaidi ya 45,000 kwa mwezi.

Kuhusu mnunuzi, tafuta wa pili kabla hujamuudhi wa kwanza. Bei ya chupa hufuata bei ya plastiki mpya, na hiyo inafuata mafuta ghafi, kwa hiyo inaweza kushuka wiki ambayo banda lako limejaa. Uliza bei siku ya kununua, si siku ya kuuza tu. Wapo watakaokupa pesa ya kununulia mzigo mapema. Ni msaada kwa mwenye mtaji mdogo, lakini ukiipokea, bei anaipanga yeye mpaka deni liishe, na makato ya uchafu pia. Mbaya zaidi ni yule wa "njoo wiki ijayo". Mtaji wako wa 400,000 unatosha kujaza banda mara moja, kulipa gari na kubakiza akiba kidogo ya kodi. Mnunuzi akikushikia malipo ya mzigo mmoja siku 14, hununui kitu wiki mbili. Kwa hali yako, 620 taslimu ni bora kuliko 680 ya ahadi.

Bandani kwenyewe, mambo mawili tu ndiyo yenye uzito. Moto ni la kwanza: rundo la chupa likishika halizimiki kwa ndoo ya maji, linayeyuka na kutiririka likiwaka. Asivute mtu sigara ndani, jiko la mamantilie likae mbali, na waya wa umeme usipite juu ya mzigo. La pili ni maji yaliyotuama. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji kidogo sana, hata yaliyomo kwenye kifuniko, na Dar imeugua dengi vya kutosha, 2014 na tena 2019. Majirani wakianza kuumwa, mtendaji wa mtaa atakuja kwako kwanza. Paa, au turubai lisilo na mifuko ya maji. Viroba navyo visikae juani miezi, jua linavila vinapasuka vikiguswa. Na aliye kwenye kuchambua avae glavu nene, maana sindano hupatikana humo, na apate chanjo ya pepopunda.

Tumalizie na jirani na chuma chake. Ana haki kwenye nafasi: kilo 550 za chuma zinakaa kwenye kona, ungebaki na banda tupu. Gari nalo linajaa kwa uzito, si kwa hewa. Lakini chuma kinaleta vitu viwili ambavyo chupa hazina.

Kwanza, sheria. Tanzania chuma chakavu kinasimamiwa chini ya kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021, na kukusanya, kuhifadhi na kusafirisha kunahitaji kibali, kinachoombwa kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Leseni ya biashara ya manispaa peke yake haitoshi. Na hata ukiwa na kibali, kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Hakuna mtu anayeiba chupa ya maji, lakini mifuniko ya chemba, vipande vya reli na vifungo vyake, nyaya za TANESCO, mita za maji na vyuma vya kingo za barabara huibwa kila siku, na vinaishia kwenye mizani ya mtu kama wewe saa mbili usiku. Ukiingia kwenye kazi hiyo, unaandika jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu na picha ya mzigo kwa kila muuzaji, na unakataa kupima baada ya giza. Asiyetaka kuandikwa, usipime mali yake.

Pili, vyuma vingine vinaua. Mtungi wa gesi, pipa la lita 200 lililofungwa, shokapu na kompresa ya friji ni vyombo vilivyozibwa. Ukivipiga grenda au moto wa gesi bila kuvifungua, mvuke wa mafuta au hewa iliyobanwa ndani inalipuka mikononi mwako. Pipa "tupu" la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya mvuke. Betri ya gari isimwagwe tindikali mtaroni ili risasi ichukuliwe. Iuze ikiwa nzima, ikiwa imesimama wima. Shaba usiichome kuondoa plastiki ya waya. Ichune kwa kisu: moshi wake ni ule ule wa PVC, na shaba iliyoungua inapoteza bei.

Na kwa kuwa uko Mbagala, hili tunaliweka peke yake. Ghala la silaha lililolipuka hapo Aprili 29, 2009 lilirusha mabomu mbali, mengine bila kulipuka. Chuma kizito chenye umbo la chupa, ncha moja imechongoka, nyuma kina mapezi au mkanda wa shaba, hakipimwi, hakigongwi nyundo, hakibebwi kwenye guta kupelekwa kituoni. Kinaachwa pale pale kilipo, watu wanaondolewa, na polisi wanaitwa wakifuate wenyewe.

Kama unataka kuonja chuma bila kuhama, muulize NEMC kuhusu kibali kwanza, kisha anza na makopo ya soda ya aluminiamu na sufuria mbovu. Waokotaji wako tayari wanayaona. Beba sumaku mfukoni: ikinata, ni bati au chuma, bei ya chini, isiponata na kopo ni jepesi, ni aluminiamu, ambayo kilo yake inalipa mara kadhaa ya chupa. Makopo 70 hivi yanafanya kilo moja, yakikanyagwa yanaingia kwenye ndoo. Na hayo nayo yatikise kabla ya kupima, kwa sababu mchanga unaingia kwenye kile kitundu cha juu kirahisi kuliko unavyodhani.